Pasi imeniachia alama ya kahawia kwenye shati jeupe la pamba, na Alhamisi nina intavyuu

MtotoWaMpaka (Busia), Jumapili saa 3 usiku

Wakuu, nisaidieni. Nina shati jeupe la mivumba, la pamba, nililichagua mwenyewe Owino mwaka jana na ndilo la heshima pekee nililo nalo. Leo jioni umeme ulikatika nikiwa katikati ya kupiga pasi. Uliporudi nikasubiri kidogo, taa ya pasi bado inawaka, nikaendelea. Kifuani upande wa kushoto, chini kidogo ya mfuko, ncha ya pasi ikaacha alama ya ukubwa wa jani la mchicha, rangi ya chai ya maziwa. Kola nayo imepata umanjano ingawa pale nilipita haraka tu.

Nimeshasugua kwa sabuni ya mche na maji moto. Wapi! Pasi ni ya jirani, ya umeme, naye anadai haijawahi kuunguza kitu. Intavyuu ni Jinja, Alhamisi asubuhi. Linaokoleka?

RoleksiMbili

Vaa koti. Uzi umefungwa.

MtotoWaMpaka

Koti la nani, sebo?

MamaKanzu (Kawempe)

Pole mwanangu. Limao na jua. Kamulia limao kwenye alama, nyunyiza chumvi, anika juani kutwa. Kanzu za baba wa hapa nyumbani nimeziokoa hivyo zaidi ya mara tatu. Ikigoma, ongeza jiki hapohapo juu ya limao, itatoka yenyewe.

Mwalimu_Maabara

Mama, naomba usifanye hilo la mwisho, na wewe kijana usilijaribu. Jiki ikikutana na limao au siki inatoa hewa ya klorini. Ukiwa umejifungia bafuni na beseni lako utakohoa mpaka majirani wavunje mlango. Jiki na amonia ni balaa jingine la aina hiyohiyo. Limao peke yake halina ubaya, ila suuza vizuri kabla ya pasi, maana asidi iliyobaki kwenye pamba ikipata joto inadhoofisha nyuzi.

MamaKanzu

Mimi nilifanya uani, penye upepo. Lakini nimesikia, mwalimu.

DobiMkongwe (Jinja)

Kijana, kabla hujamimina chochote nijibu maswali manne. Lebo inasema pamba tupu au imechanganywa? Ulitia wanga? Ulifua kwa jiki? Ukishika shati mbele ya taa, pale kwenye alama nyuzi zimekonda au ziko sawa na pengine?

Nauliza hivyo kwa sababu watu huita kila kitu "kuungua". Nimekaa na pasi miaka ishirini na sita, kumi ya mwanzo ilikuwa ya mkaa. Kuna wanga ulioungua juu ya kitambaa kizima. Kuna pamba iliyobadilika rangi juu juu. Kuna pamba iliyogeuka mkaa. La kwanza linatoka kwa maji, la pili linatoka kwa subira, la tatu halitoki, na anayekuambia linatoka anataka hela yako.

Bi_Bombo

Nami nina shida hiyo hiyo! Gomesi yangu ya satini pasi iling'ang'ania, sasa kuna sehemu inang'aa kama kioo na ukiigusa ni ngumu. Nijaribu limao?

DobiMkongwe

Dada, hiyo si shida hiyo hiyo. Satini nyingi tunazoziona hapa ni poliesta, na poliesta haiungui kama pamba, inayeyuka. Mng'ao na ugumu huo ni uzi uliogeuka plastiki bapa. Limao litanukia vizuri tu. Mpelekee fundi aone kama mkunjo wa mshipi unaweza kupafunika.

Bi_Bombo

Banange. Asante.

MtotoWaMpaka, Jumatatu asubuhi

Mzee Dobi, majibu. Lebo inasema pamba asilimia 100, na chini yake kuna maandishi kwamba shati halihitaji pasi. Wanga ndiyo, dada yangu alitia uji mwepesi wa muhogo kwenye kola na kifuani ili lisimame vizuri. Jiki ndiyo, alifua nayo Jumamosi kwa sababu ya jasho la kola. Nyuzi pale kwenye alama naona ni sawa, hazijakonda. Nimekwaruza kwa ukucha, hakuna unga unaotoka kwenye kitambaa chenyewe.

RoleksiMbili

Shati halihitaji pasi, ukalipiga pasi. Kesi imekwisha, mshtakiwa amekiri.

Mwalimu_Maabara

Cheka tu, lakini hapo ndipo penye jibu. Mashati ya "hayahitaji pasi" hupakwa dawa kiwandani ili yasikunjamane. Baadhi ya dawa hizo, hasa za zamani, hushika klorini ya jiki na kubaki nayo hata ukisuuza. Ukileta pasi, klorini ile inaachia tindikali ndani ya nyuzi na kitambaa kinageuka manjano, hata pasi ikiwa na joto la kawaida. Kola kuwa ya manjano wakati ulipita haraka kunanifanya niamini ni hilo. Hukuunguza shati, kijana. Ni jiki iliyokusaliti.

DobiMkongwe

Mwalimu, hilo la klorini nimeliona, sikatai. Lakini alama ya kifuani ina umbo la ncha ya pasi. Klorini haijui umbo la pasi. Kama tatizo lingekuwa jiki, kifua kizima kilichoguswa na pasi kingekuwa manjano. Mimi nasema ni wanga wa muhogo. Wanga huungua mapema kuliko pamba, na walioutia mzito mahali pamoja ndio hulia hapo.

Waya_Moto (Tororo)

Mnabishana kuhusu kemia na umeme upo. Fundi wa umeme nikisimama hapa nasema: umeme ukirudi huwa na nguvu nyingi, pasi inapata moto kupita kiasi. Kisa kimekwisha.

JikoLaStima

Nusu ni kweli, Waya_Moto, nusu si kweli, na nimetengeneza pasi nyingi kuliko redio. Pasi ina kidhibiti cha joto, kile kibati cha metali mbili kinachojipinda kikipata moto na kukata umeme. Umeme ukiwa na nguvu, pasi inafika haraka tu, halafu kibati kinakata palepale. Isipokuwa vidole vyake vimeungana kwa cheche. Hapo haukatiki tena, na dalili yake ni moja: taa ya pasi haizimiki hata ikae dakika kumi.

Ila kuna jambo ambalo watu hawalijui. Pasi inapoanza kutoka baridi, mara ya kwanza hupitiliza. Kibati kinachelewa kuhisi, kwa hiyo uso wa pasi unakuwa na moto zaidi ya kipimo ulichoweka. Baada ya taa kuzima na kuwaka mara moja au mbili ndipo inatulia. MtotoWaMpaka, uliishika baada ya umeme kurudi, taa ikazimika ukiwa nayo mkononi au vipi?

MtotoWaMpaka

Ilizimika nikiwa juu ya kifua. Nakumbuka kwa sababu nilidhani umeme umekwenda tena, nikasimama kuangalia balbu.

JikoLaStima

Ukasimama. Na pasi ikasimama wapi?

MtotoWaMpaka

...chini ya mfuko.

RoleksiMbili

Ona! Upelelezi umekamilika bila kiboko.

Waya_Moto

Nimejifunza. Lakini kule kwetu umeme ukirudi televisheni za watu hufa, hilo mtanikubalia.

JikoLaStima

Nakubali. Televisheni haina kibati.

DobiMkongwe

Sawa, tumwache kijana apate shati. Umbo la pasi limepata maelezo, kola bado. Dawa haibagui sana katika hatua za mwanzo, kwa hiyo fuata hivi na usiruke.

Leo usiku: loweka shati kwenye maji baridi tu, bila sabuni, katika beseni la plastiki. Saa moja. Halafu sugua alama taratibu kwa vidole, kitambaa kwa kitambaa. Kama ni wanga ulioungua, utaona maji yana ukungu na alama imepungua. Usitumie karai la bati wala ndoo yenye kutu. Sababu nitakuambia kesho ukifika hatua ya pili.

FundiCherehani (Mbale)

Mkishindwa mniite. Alama ikiwa chini ya mfuko, nashusha mfuko inchi moja na nusu na kuupanua. Kitambaa cha ziada nakata kwenye mkia wa shati, ule unaochomekwa ndani ya suruali. Hakuna meneja anayepima mfuko.

MtotoWaMpaka, Jumatatu usiku

Nimeloweka. Maji yalikuwa na ukungu kweli. Alama imepungua, naona theluthi moja imeondoka, na kingo zake zimelainika. Kola imebaki vilevile. Sasa rangi ya alama ni kama chai ya rangi iliyotiwa maji mengi.

DobiMkongwe

Mnaona wanga?

Mwalimu_Maabara

Naona theluthi ya wanga. Theluthi mbili zina mwenyewe. Na kola iliyotiwa wanga uleule haikusogea hata kidogo, eleza hilo.

DobiMkongwe

Kola ni jasho la zamani la mwenye shati wa kwanza, huko alikokuwa. Joto hulikausha likawa manjano. Tuendelee.

Hatua ya pili. Nenda duka la dawa ununue haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya kusafishia vidonda. Ikikosekana, saluni wanayo ya kuchanganyia rangi ya nywele. Iliyoandikwa voliyamu 20 ni asilimia 6, kwa hiyo changanya nusu kwa nusu na maji safi. Ya voliyamu 40 waachie saluni, ni kali mno. Chukua ile ya maji, siyo krimu.

Jaribu kwanza kwenye mkia wa shati, kwa ndani. Kisha shati likiwa na unyevu, loanisha alama kwa peroksaidi, weka juu yake kipande cha kitambaa cheupe kilicholoweshwa kwa peroksaidi hiyo hiyo, usiache kikauke. Robo saa. Tazama, rudia. Mara tatu, mara nne. Mimi huongeza magadi kidogo ya kufulia, ncha ya kijiko katika nusu kikombe, maana peroksaidi hufanya kazi haraka zaidi penye magadi. Weka juani kama jua lipo. Mwishoni suuza kwa maji mengi.

MamaKanzu

Sisi tulikuwa tunaweka kitambaa chenye dawa halafu tunapiga pasi juu yake, alama inapanda kwenye kitambaa. Hamfanyi hivyo siku hizi?

DobiMkongwe

Inafanya kazi, mama, nilifanya sana. Pasi ya joto la kati, kitambaa kikavu cha pili juu, sekunde chache tu. Haraka kweli. Lakini shati hili limeshapigwa jiki na moto, na peroksaidi yenye joto nayo hula pamba. Ukiharakisha unapata weupe na tundu. Kwa kijana nimechagua njia ya polepole.

Mwalimu_Maabara

Na kutu uliyoiahidi kwamba utaieleza?

DobiMkongwe

Ndiyo. Chembe ya kutu kwenye kitambaa hufanya peroksaidi ichemke mahali pamoja na kula nyuzi hapo hapo. Unapata vitundu vidogo kama vya sindano, na vinatokea baada ya kufua mara moja au mbili, mteja akiwa ameshaondoka na shati. Nilijifunza kwa kulipa. Kwa hiyo plastiki, na maji yasiwe ya kisima chenye mabomba yaliyoshika kutu. Ukiona maji yanaacha mstari wa rangi ya matofali kwenye beseni jeupe, tumia ya mvua.

Bi_Bombo

Kisima cha kwetu ndivyo kilivyo. Ndiyo maana shuka zangu zina vitundu! Nilikuwa nalaumu panya.

RoleksiMbili

Panya watakuja kukudai fidia.

MtotoWaMpaka, Jumanne saa 11 jioni

Ripoti. Nimepata ya asilimia 6 saluni, dada alinipimia kwenye kichupa cha maji ya kunywa (nimekiandikia jina, msinigombeze). Nikachanganya nusu kwa nusu. Mara ya kwanza hakuna kitu, nikavunjika moyo. Mara ya pili, juani, alama ikaanza kuwa kama maziwa yaliyomwagiwa chai. Mara ya nne ndiyo imebaki kivuli. Nikisimama mlangoni hakionekani. Nikikaribia dirishani nakiona kwa sababu najua kilipo.

Kola imeng'aa kidogo, siyo sana.

FundiCherehani

Tushushe mfuko?

MtotoWaMpaka

Bado fundi, nakushukuru.

Mwalimu_Maabara

Mara ya nne simama. Usitake ya tano. Kivuli kilichobaki ni bora kuliko kitambaa kilichochoka. Na kwa kuwa peroksaidi pia huua mabaki ya jiki, umefanya kazi mbili kwa wakati mmoja, ingawa umanjano uliokwisha kupikwa na pasi kwenye ile dawa ya kiwandani hauondoki kirahisi hivyo. Ndiyo maana kola imegoma. Naendelea kushikilia.

MzeeWaStudio (Masaka)

Nawasalimu. Enzi za picha za filamu tulikuwa na haipo, chumvi ya kuimarishia picha. Mke wangu alikuwa akiichukua kijiko kimoja kwa beseni, anazamisha nguo zilizofuliwa kwa jiki, harufu ya jiki inakatika palepale. Hakuwahi kupata umanjano wa pasi. Sikujua sababu mpaka leo.

Mwalimu_Maabara

Mzee, umenifurahisha. Ndiyo hiyo hiyo, sodiamu thayosalfeti. Lakini inasaidia kabla ya pasi. Baada ya pasi kupita juu ya klorini, imechelewa.

DobiMkongwe

Kijana, kabla ya Alhamisi fanya mtihani mdogo wa pasi ya jirani. Chukua kitambaa cha pamba nyeupe kisicho na wanga wala jiki, weka pasi kwenye nukta mbili, acha taa izime na kuwaka mara mbili, kisha iweke juu ya kitambaa na uhesabu mpaka kumi. Nukta mbili maana yake ni kama nyuzi 150. Pamba haipaswi kubadilika. Ikigeuka manjano, pasi ni mgonjwa na sisi wote tulikuwa tunapiga kelele bure.

MtotoWaMpaka, Jumatano saa 1 usiku

Nimefanya kwenye kipande cha shuka. Nukta mbili, nilihesabu kumi: hakuna rangi. Nukta tatu: hakuna. Kisha nikaizima ikapoa kabisa, nikaiwasha kwenye nukta tatu na kuiweka kabla taa haijazima. Ikaacha umanjano hafifu sana, mdogo, lakini upo.

JikoLaStima

Imepitiliza. Asante, naenda kulala.

Mwalimu_Maabara

Umanjano hafifu kwenye shuka. Kwenye shati ulikuwa rangi ya chai ya maziwa. Tofauti hiyo imetoka wapi kama si jiki?

DobiMkongwe

Kwenye uji wa muhogo, mwalimu.

MamaKanzu

Mmesahau kwamba alisimama akitazama balbu. Kwenye shuka alihesabu kumi. Kwenye shati nani alihesabu?

MtotoWaMpaka

Sikuhesabu, mama. Nilikuwa naangalia juu.

Kesho shati nalipiga kwa nukta mbili, likiwa na unyevu, kwa ndani, na kitambaa juu ya kifua. Bila wanga.

RoleksiMbili

Na balbu uizime kabisa, isikuite.

MtotoWaMpaka, Alhamisi saa 10 jioni

Nimetoka Jinja. Waliniuliza mambo ya stoo na hesabu, hakuna aliyeangalia kifua. Ila chumba kilikuwa na dirisha kubwa upande wangu wa kushoto, nikaweka faili mbele ya mfuko dakika arobaini.

Jirani amesoma uzi huu, kuna mtu amemtumia. Anauliza JikoLaStima unatoza kiasi gani kuangalia kibati.

JikoLaStima

Kibati hakina tatizo, kinafanya kama vibati vyote. Mwambie asubiri taa izime mara mbili. Hiyo ni bure. Lakini kama waya wake una teipu karibu na plagi, alete.

MtotoWaMpaka

Una teipu. Rangi tatu.